Picha ya Pasi Si Picha ya Harusi

Desemba iliyopita Mama alikataliwa picha tatu mfululizo. Alikuwa anajaza fomu ya viza ya Marekani pale mezani jikoni, Fisksätra, ili aende harusi ya dada yangu kule Minnesota. Jina lilipita, kazi ikapita, tarehe za safari zikapita. Kilichogoma ni picha. Mara ya tatu akavua miwani, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, hivi uso wangu una nini?"

Swali hilo limenikaa. Sisi tuliozaliwa huku na tuna pasi ya Sweden hatujawahi kuulizwa na fomu yoyote kuhusu picha zetu. Unaenda kwenye ofisi ya pasi ya polisi, unasimama mbele ya kamera yao, afisa anakwambia inua kidevu kidogo, basi. Akiona haifai anapiga tena palepale. Wazazi wetu wenye pasi za nyumbani, na ndugu wanaoomba viza kuja kututembelea, wao wanatakiwa waje na picha mkononi au waipakie wenyewe. Halafu wanatuita sisi tuwasaidie, maana sisi ndio "watu wa kompyuta". Na sisi kumbe hatujui lolote! Maoni yangu ni haya: picha nyingi za wazee wetu zinakataliwa kwa makosa yetu sisi wasaidizi, na makosa yenyewe ni machache, yanafundishika. Lipo moja ambalo si letu, nitalifikia.

Nianze na picha ya kwanza. Mama alikuwa na paspoti saizi zimebaki kwenye bahasha, za pale alipobadilisha pasi yake ya Tanzania. Nzuri kabisa, kapigwa studio, nyuma bluu. Bluu hiyo ndiyo iliyotakiwa kwa pasi ya Tanzania. Marekani wanataka nyuma kweupe au karibu na kweupe, na picha isizidi miezi 6. Waingereza nao kwa pasi yao wanataka rangi ya krimu au kijivu hafifu. Yaani picha iliyo sahihi kwa nchi moja ni kosa kwa nyingine, na mzee aliyezoea kuweka akiba ya picha kwenye bahasha hawezi kuelewa mpaka umwambie. Kwa nini rangi moja tupu? Kwa sababu mashine inatafuta mpaka wa kichwa: nywele zinaishia wapi, sikio liko wapi, bega linaanzia wapi. Pazia lenye maua, kivuli ukutani, au mtandio mweupe mbele ya ukuta mweupe, vyote vinaufuta mpaka huo.

Picha ya pili tuliipiga kwenye kibanda cha kujihudumia mjini. Kikatoa karatasi yenye picha za milimita 35 kwa 45, ambazo ndizo za kawaida Ulaya. Mpwa wangu akaiskani, akaikata iwe mraba, kwa sababu Marekani wanataka mraba: milimita 51 kwa 51 ikiwa ya karatasi, na angalau pikseli 600 kwa 600 ikiwa ya kupakia. Ikakataliwa. Hapa ndipo watu wengi wanapoanguka, kwa hiyo tupige hesabu pamoja.

Kwenye picha ya Ulaya, kichwa kutoka kidevuni hadi juu kinachukua kama asilimia 70 hadi 80 ya urefu, yaani milimita 32 hadi 36. Ukiikata hiyo picha iwe mraba, unabaki na milimita 35 kwa 35. Kichwa cha Mama kilikuwa na milimita 33. Thelathini na tatu ndani ya thelathini na tano ni asilimia 94. Marekani wanataka kichwa kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya urefu wa picha. Kwenye mraba wa pikseli 600, hiyo ni pikseli 300 hadi 414, si zaidi. Sasa utaona kwamba picha ya kibanda haiwezi kuokolewa kwa mkasi. Nafasi iliyokosekana pembeni haikupigwa kabisa. Mpwa akapendekeza aivute pembeni mpaka iwe mraba. Nikamzuia, kwa sababu kuivuta 35 iwe 45 ni kumnenepesha bibi yake kwa zaidi ya robo. Macho yanaachana, pua inatanuka, na vipimo hivyo ndivyo mashine inavyovitumia kumtambua. Dawa yake ni kupiga upya, na kumwachia mtu hewa kuzunguka kichwa, kisha ukate.

Picha ya tatu ndiyo iliyozaa lile swali. Tulimpiga nyumbani saa kumi jioni. Desemba ya Stockholm mnaijua, saa hiyo nje ni giza. Taa ya dari ilikuwa juu ya kichwa chake, miwani usoni, ukuta mweupe nyuma, na Mama akitabasamu kama yuko studio. Tukaona imetoka vizuri. Haikupita.

Miwani kwanza. Kwa viza na pasi za Marekani imepigwa marufuku tangu Novemba 2016, isipokuwa kwa sababu ya ugonjwa yenye barua ya daktari. Nchi nyingine zinairuhusu ikiwa vioo havimeti na fremu haigusi macho. Lakini ushauri wangu ni kuivua popote pale, kwa sababu jambo la kwanza mashine inalolitafuta ni mboni mbili. Kipimo cha umbali kati yake ndicho msingi wa vingine vyote. Kimuliko kimoja cha taa kwenye kioo kinatosha kukiharibu. Tabasamu nalo lina shida ya namna hiyo: mashavu yanapanda, macho yanafinywa, mdomo unatanuka. Siku Mama atakaposimama mpakani akiwa amechoka na safari, hatakuwa na sura ile. Kwa hiyo mdomo ufungwe, macho wazi, sura itulie. Mtandio hauna tatizo ukivaliwa kwa dini, ilimradi uso wote uonekane na kitambaa kisitupe kivuli kwenye paji la uso.

Halafu mwanga, na hapa ndipo linapokuja lile kosa ambalo si letu peke yetu. Kamera ya simu inaweza kudanganyika hata inapopiga mtu. Mara nyingi inapima mwanga wa picha nzima na kujaribu kuuleta katikati. Ukimweka mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, ukuta unakuwa sehemu kubwa ya picha, kamera inaweza kuona "kumezidi kung'aa", ikapunguza mwanga, na uso ukatoka mweusi tii bila alama. Taa ya dari inaongeza vivuli chini ya nyusi na chini ya kidevu. Kwa mtu mweupe kosa hilohilo linatoa uso wa kijivu kidogo ambao bado unasomeka. Kwa Mama lilifuta mstari wa midomo.

Na mashine zenyewe haziko sawa kwa wote. Mwaka 2020 BBC walipitisha picha zaidi ya 1,000 za wanasiasa wa dunia nzima kwenye mfumo wa kukagua picha za pasi wa Uingereza. Wanawake wenye ngozi nyeusi waliambiwa picha zao ni mbovu kwa asilimia 22, wanawake weupe asilimia 14. Kwa wanaume ilikuwa 15 kwa 9. Mwanafunzi mmoja mweusi aliambiwa mdomo wake unaonekana uko wazi, na ulikuwa umefungwa. Kwa hiyo wale wanaosema "ni ubaguzi tu, hakuna la kufanya" wana nusu ya ukweli. Mfumo unaowakosea watu weusi mara nyingi zaidi ni wajibu wa walioujenga, na ukikataa picha uwe na adabu ya kusema ni kitu gani hasa: kivuli, ukubwa au mboni. "Haifai" si maelezo. Lakini wakati tunadai hilo, Mama ana harusi. Mwanga tunaweza kuurekebisha wenyewe leo.

Tulifanya hivi. Jumamosi saa tano asubuhi, Mama alisimama akiutazama uso kwa uso dirisha la sebuleni, jua likiwa nyuma ya mawingu. Ukuta mweupe ulikuwa nyuma yake kama mita moja, ili kivuli kisiufikie. Alivaa gauni la zambarau iliyokolea na mtandio wa kahawia. Mimi nilisimama mita mbili mbele yake nikitumia kamera ya nyuma ya simu, maana picha ya kujipiga ukinyoosha mkono inakuza pua. Nikazima urembo wote wa kamera, pamoja na ile hali inayotia ukungu nyuma, kwa sababu inakula ncha za mtandio. Nikagusa uso wake kwenye kioo cha simu, nikapandisha mwanga mpaka nikaona wazi ukingo wa midomo na duara la mboni ndani ya jicho. Hicho ndicho kipimo changu sasa: kama mboni huioni ukiikuza picha, mashine nayo haitaiona.

Nikakata mraba, kichwa kikawa asilimia 60. Faili ikabaki JPEG chini ya kilobaiti 240, ambacho ndicho kikomo chao. Mpwa aliitaka kwa WhatsApp. Nikamwambia aipokee kama hati, kwa sababu ikitumwa kama picha inabanwa na kupoteza ukali. Ikapita mara ya kwanza.

Mama alipoiona hakufurahi. "Mbona hamjanisafisha kidogo? Hii mikunjo yote!" Namwelewa. Yeye amekulia kwenye studio ambako fundi aliyekujali alikulainisha ngozi, akakung'arisha kidogo, akakutoa vizuri. Picha ilikuwa heshima. Kumbe kusafisha huko ndiko kunakokatazwa: ukilainisha ngozi au kufuta kovu, picha inahesabiwa imechezewa. Nikamwambia, "Mama, hii ni ya askari wa mpakani. Ya kupendeza tutapiga harusini."

Akacheka, mdomo wazi, mashavu juu, macho yamefinywa. Hiyo nayo nikaipiga. Ndiyo aliyomtumia shangazi Tanga.