Adabu ya "Myself" ni Adabu Gani?

Najua baadhi yenu mmeguna mlipoona kichwa hiki. Ati jarida la Chama cha Kiswahili linatafuta nini katika Kiingereza? Ngojeni kidogo. Kosa ninalotaka kulijadili nililifanya mimi, tena kwa niaba ya chama hiki, na dawa yake niliipata katika Kiswahili.

Muhula wangu wa kwanza nikiwa katibu, niliagizwa niwaandikie baruapepe wenzetu wa shule jirani, tuwaalike kwa mdahalo. Mlezi wao hufundisha hisabati na aliomba mwaliko uje kwa Kiingereza. Basi nikaketi mbele ya kompyuta ya maabara, nikanyoosha mgongo kama karani wa benki, nikaandika:

"Myself and the chairlady would like to invite yourselves to our debate. Please reply to our patron or myself."

Niliona imeiva! Nikaituma, kisha nikampelekea mwalimu wetu wa Kiingereza nakala, moyoni nikitarajia pongezi. Karatasi ilirudi na miduara mitatu myekundu. Mwalimu akaniuliza kwa Kiswahili, "Katibu, nani amejifanya nini hapa?"

Swali hilo lilinikaa kichwani siku nzima. Sote tumefunzwa habari ya "ji", ile ya kirejeshi. Nikisema "nimejikata", aliyekata ni mimi na aliyekatwa ni mimi. Kitendo kimetoka kwangu kikarudi kwangu. Waingereza husema "I cut myself". Kumbe "myself" ya namna hii lazima iwe na mwenyewe wa kuirudia, yaani "I" iliyotangulia katika sentensi hiyo hiyo. Katika barua yangu "I" haikuwepo popote. Aliyeombwa kujibu ni mlezi wao, siye mimi, hivyo kitendo cha kujibu hakikuwa kimetoka kwangu hata kidogo. Na "yourselves" je? Wanaoalika ni sisi, wanaoalikwa ni wao. Hakuna aliyejialika. "You" ingetosha kabisa. Lakini ukiwakaribisha wageni mezani na kuwaambia "Help yourselves", hapo uko sawa, maana wanaopakua ndio wanaopakuliwa. Jipakulieni!

Sasa, mbona kosa hili limetuenea hivi? Ukisoma baruapepe za ofisini utalikuta, na hata wenye lugha yao huko Uingereza na Amerika hulifanya kila siku. Maoni yangu ni kwamba chanzo chake ni woga. Kiswahili hakitusumbui: "mimi na Otieno tulienda" na "alituita mimi na Otieno", mimi ni mimi tu. Kiingereza kina "I" kwa anayetenda na "me" kwa anayetendwa. Tangu shule ya msingi tulikaripiwa kwa kusema "Me and Otieno went", na wengi wetu tulitoka pale tukiamini kwamba "me" ni neno la mtu asiye na adabu. Basi tukifika njia panda, hatujui tushike "I" au "me", twakimbilia "myself". Ni ndefu, ina uzito, na inaonekana kama imevaa tai. Twaiita heshima. Mimi naiita kujificha.

Heshima ya Kiingereza iko kwingine. Iko katika "please", katika "could you", na katika kumtaja mwenzako kabla ya kujitaja wewe. Niliandika "Myself and the chairlady", nikajitanguliza mbele ya mwenyekiti wangu, halafu nikadhani nimenyenyekea!

Njia ya kujipima ni rahisi. Mwondoe yule mwenzako katika sentensi, ubaki peke yako. "Myself would like to invite." Nani husema hivyo? Hakuna. Ni "I would like", kwa hiyo ni "The chairlady and I would like". Vivyo hivyo "Please reply to myself" inakwaruza sikio. Ni "to me", kwa hiyo ni "to our patron or me". Najua "or me" inawatia wengine baridi mwilini. Iandikeni tu.

Lakini msije mkaifukuza "myself" kabisa, maana ina kazi nyingine ya halali, na hapa ndipo Kiingereza hutuchanganya. Kiswahili kina maneno mawili kwa kazi mbili: "ji" kwa kujitendea, na "mwenyewe" kwa kutilia mkazo. Kiingereza hutumia "myself" kwa zote mbili. Siku ya mdahalo tulikusanya shilingi 3,400 za chakula. Jioni zikapatikana 3,200. Mweka hazina alikuwa amemwandikia mlezi wetu, "The secretary and myself counted the money." Mlezi aliponiita, nilimweleza kwamba nilishika mfuko tu, wala sikuhesabu hata noti moja. Ndipo mweka hazina akaandika upya: "I counted the money myself." Nilizihesabu mwenyewe. Sentensi ile ilikuwa na mtu ndani yake. Shilingi 200 zilipatikana baadaye kwa muuza mandazi, zilikuwa chenji iliyosahauliwa, lakini usiku ule sikulala.

"Myself" hiyo ya mkazo ukiiondoa, sentensi husimama bado: "I counted the money." Hicho ndicho kipimo chake. Ile ya "ji" ukiiondoa, maana hubadilika au huvunjika. Mahali pa mkazo nako kuna uzito wake. "The chairlady herself washed the plates" yanishangaza: ati mwenyekiti, na cheo chake chote! "The chairlady washed the plates herself" yaniambia zaidi kwamba hakusaidiwa. Na wale wanaoanza kwa "Myself, I think", kama tusemavyo "mimi mwenyewe naona", hawana kosa lile langu, kwa kuwa "I" ipo na ndiyo inayofanya kazi. Katika barua rasmi, hata hivyo, ningeipunguza.

Mwenyekiti wetu, ambaye hakubali kushindwa, aliniletea hoja ya kunikata maini. Kamusi ya matumizi ya Kiingereza ya Merriam-Webster, iliyochapishwa mwaka 1989, inaonyesha kwamba waandishi wengi mashuhuri wa zamani wametumia "myself" mahali pa "I" na "me". Ni kweli, na hata Waayarishi husema "himself" wakimaanisha bwana mwenye nyumba. Hata "people like myself" hukubaliwa na wengi. Sibishi. Lakini waandishi wale walijua "I" na "me" zinakokaa, wakachagua. Mimi nilipoandika ule mwaliko sikuchagua chochote. Nilikuwa nakimbia.

Wenzetu wa shule jirani walijibu baada ya siku mbili: "Myself and my team will be happy to join yourselves." Mwenyekiti alicheka hadi akashika meza. Nilikuwa nimewaambukiza! Nikavuta kiti, nikaandika: "The chairlady and I are glad that you are coming. If your plans change, please tell our patron or me."

Nikaisoma mara moja, nikabonyeza kitufe.