Kumwalika mpirani yule umpendaye: mtihani uko njia ya kurudi



Binti mmoja wa Kihanga, kule Karagwe mkoani Kagera, ametuletea suali ambalo mabinti wengi wa hapa Unguja wanalo lakini wanaona haya kulisema. Kuna kijana amempendeza, jirani mwenye adabu, na wote wawili wanashabikia timu moja. Anataka kumwalika waangalie mpira pamoja, bila ya kuonekana anajitangazia ndoa. Je, amwambie wakutane kwenye kibanda umiza cha pale mjini kwao?

Wapo watakaosema asithubutu hata kumwalika. Hapo hatukubaliani nao. Bibi Khadija (r.a.) ndiye aliyeanza kumtaka Mtume (s.a.w.), akampeleka Nafisa kwenda kumpima moyo wake. Na Bibi Aisha (r.a.) aliwaangalia Wahabeshi wakicheza kwa mikuki msikitini, Mtume akimsitiri kwa shuka yake. Kumpenda mtu si aibu, na kuangalia mchezo si haramu. Lakini tazameni namna yalivyofanyika: Khadija alipitisha kwa mtu wa kati, na Aisha alikuwa na wake wa halali pembeni.

Wapo pia watakaosema kibanda umiza kina watu mia, kwa hivyo hakuna khalwa. Ni kweli, ndani hakuna. Ila kibanda umiza tunakijua sote: mabenchi yamebanana, mwanga umezimwa ili picha ionekane, wanaume watupu, na goli likiingia kila mtu anamrukia aliye karibu naye. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalihesabu. Mpira ukisha, mnarudi vipi? Kiza kimeingia, barabara ni ya vumbi kati ya migomba, naye kwa wema wake atasema, "Ngoja nikusindikize." Khalwa ambayo haikuwepo bandani inawasubiri njiani.

Kwa hivyo ushauri wetu kwake ni huu. Aangalie nyumbani kwa kaka yake aliyeoa, sebuleni, mlango wazi, wifi akiwa na chai na karanga. Wengine waalikwe pia. Ujumbe aupeleke kaka, au auandike yeye kwa kifupi: "Jumamosi saa 11 jioni tunaangalia mpira kwa kaka. Karibu, njoo na dada yako." Basi. Hapo hakuna "nakusubiri," wala "nitafurahi sana ukija." Akija ni mgeni wa kaka. Asipokuja, hakuna aliyekataliwa, na asimkumbushe mara ya pili.

Saa nayo ina maana yake. Kihanga iko magharibi sana, kwa hivyo jua lao linazama kama nusu saa baada ya letu. Mechi ya saa 11 jioni kwetu Unguja inakatwa na Maghribi kipindi cha pili, lakini kwao mara nyingi inamalizika Maghribi ikiwa ndiyo inaingia. Wanaume wanatoka pamoja kwenda kuswali, wanawake wanaswali ndani, na suala la kusindikizana linakufa lenyewe. Mechi ya saa 4 usiku aiache, hata ikiwa ni ya Ulaya na ya fainali.

Na faida yake ni ipi? Mpira unamtoa mtu alivyo. Mnaikumbuka Taifa Stars na Zambia, tarehe 21 Januari 2024, Kombe la Afrika kule Ivory Coast? Msuva alitufungia dakika ya 11, Zambia wakabaki 10 kabla ya mapumziko, tukajua tumeshinda. Dakika ya 88 Daka akasawazisha. Katika dakika kama ile, yupo anayesema "qadar Allah" akacheka, na yupo anayemtukania refa mama yake mbele ya watoto. Maneno matamu ya simuni hayatakuonesha tofauti hiyo, lakini sebule ya kaka itakuonesha. Na kaka na wifi wataona yale ambayo macho yako yaliyopenda yatayaruka.

Mipaka iwepo lakini. Mara moja au mbili zinatosha. Ikiwa kila Jumamosi yupo sebuleni, majirani wameshaanza kuhesabu, naye hajatuma mtu kuulizia, basi amekuja kwa mpira na chai. Hapo kaka amuulize wazi nia yake, kiume kwa kiume. Akibabaika, jibu limepatikana, na heshima yako haijaguswa.

Wallahu aalam.