AMEN YAKO IMEFUNGA MLANGO

Bwana asifiwe, wapendwa wa Bungoma, Chwele, Webuye, na ninyi wa upande wa Kitale!

Umejibu "Amen", sivyo? Hapo ndipo ugomvi wangu na wewe unapoanzia.

Kuna mama katika ushirika wetu. Jumapili tatu mfululizo nilimshika mkono mlangoni. "Bwana asifiwe, mama." "Amen, mchungaji." "Hamjambo nyumbani?" "Hatujambo kwa neema." Nikageukia wa pili. Majuma hayo yote matatu mtoto wake wa kidato cha pili alikuwa amekaa nyumbani kwa sababu ya karo, na mimi mchungaji wake sikujua.

Aliyejua ni Mwislamu mwenye duka karibu na kwake. Mama alienda kununua sukari. "Salaam aleikum, mama." "Aleikum salaam." "Watoto wameamkaje?" Mama akasema, "Wapo tu." Yule mzee akasimamisha mizani. "Wapo tu? Shule si zimefunguliwa?" Mama akalia palepale dukani. Siku hiyohiyo mzee akamwelekeza kwa chifu kuulizia fomu ya basari.

Sasa sikia aibu yetu. Wiki hiyo dada wawili wa maombi walimkemea mama huyo. Si kwa kuficha shida yake, bali kwa kuitikia salaam! Wakamwambia aliyeokoka hajibu salamu ya dini nyingine.

Wapendwa, hilo mlilipata wapi? Salaam ni amani. Shalom, ambayo tunapenda kuiandika kwenye simu zetu, ni ndugu yake wa damu: Kiarabu na Kiebrania zimetoa maneno hayo mawili katika mzizi mmoja. Mulembe ya nyanya yako Mbukusu pia ni amani. Unaitikia shalom kwa furaha, halafu unakunjia uso salaam?

Najua mtanitolea Waraka wa Pili wa Yohana, aya ya 10. Soma kuanzia aya ya 7. Yohana anasema juu ya walimu waliozunguka wakikana kwamba Kristo alikuja katika mwili, wakitaka kupokewa nyumbani ili wafundishe. Mwenye duka anayekuuliza watoto hakuja kukufundisha. Soma badala yake Mathayo 5:47, pale Yesu anapouliza tumezidi nini tukiwasalimu ndugu zetu peke yao.

Dhamiri yako ikikuzuia neno la Kiarabu, sikulazimishi. Wako hata Waislamu ambao salaam kamili huwapa Waislamu wenzao, na wewe watakuuliza habari tu. Usikasirike. Sema, "Salama, mzee, za nyumbani?" Kosa ni kunyamaza, au kumrushia mtu "Mimi nimeokoka" kama jiwe.

Lakini ugomvi wangu mkubwa ni na Amen yetu. Fungua 2 Wafalme 4. Mwanamke wa Shunemu amefiwa na mtoto. Gehazi anatumwa kumlaki na maswali matatu: yeye hajambo? mumewe? mtoto? Mama anajibu yote kwa neno moja la Kiebrania, shalom. Mtoto amelala maiti, na mama anasema amani! Gehazi aliridhika. Mama alipofika kwa Elisha na kuishika miguu yake, Gehazi akataka kumsukuma. Elisha ndiye aliyeona kwamba roho ya mwanamke huyu ina uchungu.

Ndugu yangu, mimi nilikuwa Gehazi pale mlangoni. Niliuliza, nikapewa jibu zuri, nikaridhika. Wenye Amen nyingi tumezaa kanisa ambalo kusema "wapo tu" kunaonekana ni kukosa imani.

Sikiliza majibu ya watu. "Hatujambo kwa neema" huwa ni mlango uliofungwa vizuri. "Wapo tu", "tunasukuma", "si mbaya sana", huo ni mlango ulioachwa wazi kidogo. Mtu anangoja uusukume. Mrudishie neno lake lilelile, kama yule mzee: "Tunasukuma? Nini kimekuwa kizito?" Halafu nyamaza umsikilize. Kama huna nafasi ya kusikiliza, usimuulize za nyumbani. Mpungie mkono tu, uende.

Nawe unayeulizwa, usijibu kama uko kwenye ushuhuda. "Namshukuru Mungu, lakini karo imetushinda" ni jibu la mtu aliyeokoka kabisa.

Nilienda dukani kwa yule mzee kumshukuru. Nikamwambia, "Salaam aleikum." Akaitikia, akaniuliza za kanisa. Nilitaka kusema "nzuri". Nikamwambia kweli. Tulikaa saa nzima.

Kwa hiyo leo usiniandikie Amen. Nakuuliza, nami nina nafasi ya kusikia: habari za nyumbani?

Mchungaji wako.