Kabla ya kuuliza rangi, muulize mteja kwa nini amekuja leo

Sisi madizaina wa mtaani tuna maswali mawili ya mteja mpya, na tunayatuma kwa WhatsApp hata kabla ya kumwona sura. La kwanza, biashara inaitwaje? La pili, unapenda rangi gani? Tukishajibiwa, tunafungua kompyuta na kuanza kuchora. Msimamo wangu ni kwamba swali hilo la rangi ndilo linalotuharibia kazi, na ninasema hivyo kwa sababu lilinichoma mimi mwenyewe.

Mwaka jana mama mmoja anayekaanga krispi hapa Molo alinitafuta. Huuza kwa wapita njia pale steji na kwa maduka machache ya mtaa. Alitaka logo. Niliuliza maswali yangu mawili, akasema anapenda kijani. Nikamchorea kondoo, kwa maana Molo bila kondoo ni nini, nikaweka vilima vyenye ukungu nyuma yake, na jina kwa herufi nyembamba za kupinda. Stika ya mviringo, upana wa sentimita 6. Mama aliipenda sana. Alinilipa elfu tatu, akaenda kuchapisha stika 300 kwa pesa alizokopa kwenye chama.

Baada ya wiki mbili alinipigia. "Kijana wangu, wamenirudisha." Kumbe alikuwa amepeleka sampuli kwa supamaketi moja mjini Nakuru. Aliambiwa bidhaa haiwezi kupita kaunta bila bakodi, haina alama ya ubora ya KEBS, na haisemi uzito wala tarehe ya mwisho ya matumizi. Kwenye stika yangu hapakuwa na nafasi ya hata kimoja kati ya hivyo. Kondoo alikuwa amekalia kiwanja chote.

Ningeweza kujitetea kwamba hakuniambia. Lakini ni kweli pia kwamba sikumuuliza. Yeye kazi yake ni kukaanga viazi. Kujua kinachofaa kuulizwa ni kazi yangu. Nilirudi kwake na daftari, nikakaa jikoni kwake kama dakika 45, tukaanza upya bila malipo. Maswali manne ndiyo yaliyogeuza kazi nzima.

La kwanza: ni kitu gani kimetokea mpaka ukanitafuta sasa hivi? Sikuuliza "kwa nini unataka logo", kwa sababu hapo mtu atakujibu "ili nionekane" na mtabaki palepale. Uliza tukio. Mama alisema krispi zake zilionjwa na mtu anayejuana na mnunuzi wa ile supamaketi, akaambiwa alete sampuli. Sasa ona tofauti. Nilichokiita kazi ya logo kilikuwa kazi ya lebo ya pakiti ambayo lazima ipite kwenye kaunta. Kama ningesikia jibu hilo siku ya kwanza, ningeanza na rula kabla ya kondoo. Bakodi ya bidhaa ya duka, ile mistari myeusi, ina kipimo chake cha kawaida: karibu milimita 37 kwa 26, pamoja na nafasi tupu pembeni. Inaweza kupunguzwa hadi asilimia 80, yaani karibu milimita 30 kwa 21. Kwenye stika ya sentimita 6, hiyo ni nusu ya upana. Tena haitaki utani wa rangi. Mashine nyingi za kaunta husoma kwa mwanga mwekundu, kwa hivyo mistari myekundu juu ya nyeupe haionekani kabisa kwao. Nambari zenyewe hutolewa na GS1 Kenya, na za Kenya huanza na 616. Dizaina hawezi kujitungia.

La pili: nieleze mara ya mwisho mtu mgeni aliponunua kwako, tangu alipofika mpaka alipoondoka. Nilikuwa nimezoea kuuliza "wateja wako ni akina nani?", na jibu huwa "kila mtu". Jibu lisilo na siku, mahali wala mtu ni maoni tu, na maoni hayachoreki. Mama alinihadithia kuhusu mwanamume aliyeshuka matatu ya Nakuru Jumamosi, akashika pakiti, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, ndipo akalipa. Nikauliza, alikuwa anatafuta nini? "Anaangalia kama zimeungua. Zangu haziwi nyeusi." Haziwi nyeusi kwa nini? Hapo ndipo alipoeleza kwamba hatumii Shangi, kiazi ambacho karibu kila shamba letu linapanda. Ananunua Dutch Robijn kutoka upande wa Bomet, kwa sababu Shangi ina sukari zaidi na krispi zake hukimbilia kuwa za kahawia kwenye mafuta.

Wasee, hapo ndipo chapa yenyewe ilipokuwa. Mteja wake hununua kwa kuangalia rangi ya krispi. Mimi nilikuwa nimebandika duara la kijani kibichi katikati ya pakiti, nikaziba kile kitu ambacho mnunuzi anainua kwenye mwanga kukitafuta.

Swali hili lina mtego wake. Mteja akisita, utatamani kumsaidia: "Labda wanapenda bei yako?" Atakubali, kwa heshima tu, nawe utaandika jibu lako mwenyewe kwenye daftari. Ukiuliza, nyamaza. Hesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo. Yale ya Dutch Robijn yalikuja baada ya kimya kama hicho.

La tatu: hili jina litakaa wapi, na nani ataligusa? Hapa usikubali kuambiwa, omba kuonyeshwa. Mama alinionyesha meza ya kufungia. Mikono ina mafuta, pakiti zina mafuta. Stika zangu zilikuwa za karatasi ya kawaida, na karatasi hunywa mafuta, ikawa na madoa kama ya chapati, kisha kingo zikaanza kubanduka. Zile herufi nyembamba nazo hazikusomeka ukisimama hatua mbili kutoka mezani. Jaribio ni rahisi: chapisha jina kwa upana wa sentimita 2, libandike ukutani, rudi nyuma mita mbili, mwite mtu asiyejua jina hilo alisome. Asipoliweza, herufi hizo ni za kwenye skrini tu.

Swali hilohilo lilitupeleka kwenye jina lenyewe. Mama alitaka neno Molo liwe ndilo jina lote, na alikuwa ameshasajili biashara kupitia eCitizen. Alidhani yamekwisha. Kusajili jina la biashara hakukupi alama ya biashara. Alama husajiliwa KIPI, na ikikubaliwa inakulinda miaka 10, halafu unahuisha. Maombi hufanywa kwa daraja la bidhaa: krispi ziko daraja la 29, viazi vibichi vya gunia viko la 31. Tena Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, inabana majina ambayo kwa maana yake ya kawaida ni majina ya mahali. Kwa hivyo Molo peke yake si jina la kutegemea, kwani kila mkaanga krispi wa hapa ana haki ya kusema anatoka Molo. Tulichagua neno jingine liwe jina, na Molo ikashuka chini kama mahali zinapotengenezwa. Uliza mapema kama mteja amefanya utafutaji KIPI. Ukiuliza baada ya kuchora, mtachora mara mbili.

La nne: ni nani mwingine ataiona kazi hii na anaweza kusema hapana? Nilidhani nafanya kazi na mtu mmoja. Kumbe pesa zilikuwa za chama, na mweka hazina alikuwa na neno. Yeye ndiye aliyekuwa amelalamika kuhusu kondoo tangu siku ya kwanza: "Mtu ataona kondoo aseme hizi ni za ladha ya nyama." Alikuwa sahihi kabisa, lakini mimi sikujua yupo. Mtu huyo mtafute akae kwenye mahojiano, au angalau asome muhtasari kabla hujagusa kompyuta.

Muhtasari wenyewe ni ukurasa mmoja, kwa maneno ya mteja bila kuyapiga pasi. Wetu ulikuwa na mistari minne: lebo ipite kaunta ya supamaketi, krispi zionekane, isomeke kwa mkono wenye mafuta, mama na mweka hazina wakubali pamoja. Nikawasomea kwa sauti, wakarekebisha neno moja, wakatia sahihi. Lebo mpya ni mstatili mwembamba chini ya pakiti, maandishi meusi juu ya manjano, stika ya plastiki. Nyuma kuna lebo ya pili yenye viungo, uzito, anwani, tarehe, na miraba miwili mitupu: mmoja wa bakodi, mmoja wa alama ya KEBS. Miraba hiyo bado ni mitupu ninapoandika. Mama anaendelea kushughulikia vibali, na hilo logo haliwezi kumfanyia.

Najua pingamizi. Mtasema mteja wa elfu tatu hana muda wa maswali, ataenda kwa jamaa wa saiba anayemaliza kwa saa moja. Wengine wataenda kweli, na kama kazi ni bango la harusi, waende. Pia mahojiano hayasemi ukweli wote. Mama alikuwa na hakika wanunuzi wake wengi ni wasafiri. Nilisimama steji saa moja nikihesabu, na nusu walikuwa watoto wa shule. Anachokuambia mteja kuhusu wateja wake kahakikishe kwa macho.

Lakini dakika 45 jikoni zingeokoa stika 300 na mkopo wa chama. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, kwa hivyo sina cheti cha kumwonyesha mteja. Nina daftari tu. Swali la rangi bado liko humo. Siku hizi ni la mwisho, na mara nyingi tukilifikia tunakuta limeshajibiwa. Kwa mama yule lilijibiwa na yule mwanamume wa Jumamosi aliyeinua pakiti kwenye mwanga.