Pazia "Mita 2" ni Mita 2 za Nini?

Wasee, leo tuongee kuhusu kitu kidogo kinachokula pesa zetu kila tukihamia keja mpya: vipimo vya pazia na kapeti kwenye matangazo ya mtandaoni. Picha ni safi, bei iko, delivari iko. Halafu hapo chini unasoma: "Pazia mita 2, pea, 4,500. Ikishakatwa hairudi." Mimi nina swali moja tu. Mita 2 za nini?

Msimamo wangu ni huu. Namba ambayo haisemi imepimwa vipi bado si kipimo. Kama muuzaji anataka tukubali hiyo "hairudi" yake, basi aandike mambo matatu: amepima vipi, maua ya kitambaa yanarudia baada ya sentimita ngapi, na kipimo kinaweza kuzidi au kupungua kwa kiasi gani. Asipoandika, hasara ya pazia isiyotosha isiwe ya mnunuzi peke yake.

Acha nieleze kwa kisa cha jirani yangu, kwa sababu yeye alipatwa na yote matatu kwa dirisha moja.

Anaishi graundi, dirisha lake linaangalia korido. Watu wanapita hapo usiku kucha, kwa hivyo pazia kwake si urembo, ni usiri. Dirisha lina upana wa sentimita 150, na rodi ina sentimita 200, maana fundi aliacha 25 kila upande. Akaona tangazo la "mita 2, pea", akasema hii ndiyo size yangu, akalipa. Zikaja pazia mbili, kila moja sentimita 100 ikinyooshwa. Jumla mita 2, kama ilivyoandikwa. Hakuna aliyedanganya. Lakini ukizitundika hazifungi.

Hazifungi kwa sababu pazia haikai kwenye rodi kama shuka kwenye kamba. Inakaa kwa marinda, yaani yale mawimbi ya kitambaa kuingia na kutoka, na kila wimbi linakula upana. Ya ringi huwezi kuinyoosha ikabaki bapa hata ukitaka, kwa sababu rodi inapita mbele na nyuma ya kitambaa. Kawaida mafundi hutumia kitambaa cha upana wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya rodi. Kwa rodi ya sentimita 200, hiyo ni kati ya 300 na 400. Jirani yangu alipata 200. Katikati likabaki pengo ambalo mtu wa korido angeweza kuchungulia bila hata kujaribu.

Sasa rudi kwa lile tangazo. "Mita 2, pea" inaweza kumaanisha pazia mbili ambazo jumla yake ni mita 2. Inaweza kumaanisha kila moja ni mita 2, jumla 4. Ama inaweza kumaanisha pazia zinazofunika rodi ya mita 2 zikiwa tayari na marinda. Ya kwanza ina nusu ya kitambaa cha ya pili, na ukiona bei moja kwa duka hili na nyingine kwa duka lile, huwezi kujua nani ana bei nafuu na nani anauza nusu. Dawa yake ni sentensi moja: "Kila pazia ni sentimita 100 ikinyooshwa, jumla 200, inatosha rodi ya 100 hadi 130." Ukisoma hivyo, huhitaji kubishana na mtu inboksi.

Urefu nao una mtego wake. Pazia ya ringi ina kitambaa kidogo kinachosimama juu ya ringi, mara nyingi sentimita 3 au 4. Muuzaji akipima kutoka ukingo wa juu kabisa hadi chini, anaandika 240. Wewe umepima kutoka juu ya rodi hadi sakafuni, ukapata 240 pia. Ukitundika, pazia inaning'inia sentimita 3 au 4 juu ya sakafu, kama suruali ya mtoto aliyekua haraka. Kila mmoja amepima vizuri, lakini mmeanzia sehemu tofauti. Kwa hivyo tangazo liseme: "Urefu umepimwa kutoka ndani ya ringi, juu, hadi mwisho wa pindo la chini."

Tuendelee na jirani. Kurudisha haikuwezekana, kwa hivyo akaagiza pea nyingine ya kitambaa kilekile, ili kila upande uwe na pazia mbili. Upana ukatosha. Lakini kitambaa chake kilikuwa na majani makubwa, na kwa zile mpya jani kubwa liko usawa wa bega, kwa zile za kwanza liko usawa wa goti. Ukikaa kwa sofa, dirisha lote linaonekana limeinama. Huu ndio ule mrudio wa maua ambao matangazo yetu karibu hayautaji kabisa.

Mrudio ni umbali kutoka sehemu moja ya ua hadi sehemu hiyohiyo ya ua linalofuata juu yake. Kupima ni rahisi: weka tepu kwenye ncha ya jani, panda na kitambaa hadi uone ncha ileile tena, soma namba. Kwa maua madogo inaweza kuwa sentimita chache na hakuna atakayeona tofauti. Kwa majani makubwa kama yale, tuseme ni 64.

Hiyo 64 inabadilisha hesabu ya kitambaa. Chukua kitambaa cha roli ya upana wa sentimita 140. Unataka pazia ya urefu wa 240, na ukiongeza pindo la juu na chini unakata 260. Vipande vitatu bila maua ni 780, yaani mita 7.8. Lakini ukitaka majani yalingane, kila kipande lazima kianzie sehemu ileile ya jani. 260 haigawanyiki kwa 64: mara nne ni 256, bado haijafika, kwa hivyo unasonga hadi mara tano, 320. Kipande cha kwanza kinakula 320, cha pili 320, cha mwisho kinaishia 260. Jumla ni 900, mita 9. Hapo kuna mita 1.2 zaidi, na vibaki ambavyo havitoshi pazia nyingine.

Kwa hivyo pazia ya maua makubwa ikiwa na bei sawa na ya rangi moja, kitambaa kikiwa cha bei ileile, uliza. Inawezekana muuzaji amejitolea kukatwa faida. Inawezekana zaidi amekata vipande vikifuatana, bila kujali jani liko wapi. Tangazo likisema "mrudio 64, pazia zote zinaanzia sehemu moja ya jani", hata ukiagiza pea nyingine miezi 6 baadaye una kitu cha kumshika nacho. Kuna vitambaa vipana vya sentimita 280 ambavyo hushonwa vikiwa vimelazwa, upana wa roli ukawa urefu wa pazia. Hapo majani hukaa usawa mmoja, mradi fundi asipunguze upande mmoja zaidi ya mwingine. Basi aandike hivyo pia.

La tatu ni tofauti inayoruhusiwa. Hakuna mkasi unaokata 240 kamili kila siku, na hilo tunaelewa. Shida ni tukiachiwa tukisie. Andika "240, inaweza kuzidi au kupungua 1". Mimi nikiwa na rodi iliyo 242 kutoka sakafuni, najua mbaya zaidi nitapata 241, bado haigusi chini. Ukiandika inaweza kuzidi 3, najua inaweza kufika 243 na kufagia vumbi, kwa hivyo naomba ikatwe fupi kabla sijalipa. Na kufua je? Kitambaa kikirudi asilimia 3 tu baada ya kufuliwa, 240 inapungua kwa sentimita 7. Aliyeuza aseme kama kimefuliwa kabla ya kukatwa au la.

Wewe mnunuzi nawe una kazi yako. Pima rodi, usipime kioo. Urefu upime sehemu tatu, kushoto, katikati na kulia, kwa sababu sakafu za hizi nyumba zetu haziko sawa. Tumia namba ndogo kati ya hizo tatu.

Kapeti ni hadithi fupi ila ni ileile. Tunauziwa "5 kwa 8" na "7 kwa 10" za futi, lakini nyingi hutengenezwa kwa sentimita. Futi 7 kwa 10 ni 213 kwa 305. Ile inayokuja mara nyingi ni 200 kwa 300. Umepoteza sentimita 13 upande mmoja, na hizo ndizo zingeingia chini ya miguu ya mbele ya sofa. Sofa inabaki nje, kapeti inaelea katikati ya sebule. Muulize pia kama matamvua ya mwisho yamehesabiwa kwa urefu, na manyoya yana kimo gani, kwa sababu mlango ukifunguka kwa ndani na nafasi chini yake ni sentimita 1, kapeti ya manyoya ya 3 itazuia mlango. Ukitaka uhakika, bandika tepu ya gundi sakafuni kwa vipimo vya tangazo, fungua mlango, keti. Utajua kabla ya kutuma pesa.

Najua wauzaji watasema wateja hawasomi, wanauliza bei tu. Ni kweli, wengi wanauliza bei. Lakini tunauliza bei kwa sababu ndiyo namba pekee kwenye tangazo yenye maana moja. Wengine watasema roli inakuja bila maelezo. Sawa, lakini tepu unayo, na kitambaa kiko mbele yako. Mimi niko mbali na kitambaa, naona picha tu. Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa. Sioni habari inayohitajika kwa pazia kuliko kujua kama itafunga dirisha.

Mfano wa tangazo ninalotaka kuona ni huu: "Pazia 2 za ringi. Kila moja upana 200 ikinyooshwa, kwa rodi ya 200 hadi 260. Urefu 240 kutoka ndani ya ringi, kuzidi au kupungua 1. Mrudio wa maua 64, zote zinaanzia sehemu moja. Hakijafuliwa, kinaweza kurudi asilimia 3." Hiyo ni mistari mitatu. Ukiniandikia hivyo halafu nikakosea kupima rodi yangu, sitakuomba unirudishie hata shilingi.