MIAKA MITANO YA MWISHO KAZINI, NA KAHAWA YA KIBANJANI

Katika chama chetu, Bukoba na Muleba, wako wenzetu kadha wa kadha waliokwisha kutimiza miaka 55, umri ambao mtumishi wa Serikali aweza kustaafu kwa hiari yake. Akitimiza 60 hana hiari tena. Basi twaona vema kunena juu ya miaka hii mitano iliyo katikati, maana ndiyo miaka ambayo mshahara bado waja kila mwezi, na mtu aweza kungoja jambo lisiloleta faida upesi.

Kwanza yafaa kujua pengo ni kubwa kiasi gani. Tumchukue karani wa Bukoba mjini, mwenye kibanja cha urithi Kamachumu. Tuseme ametumika miezi 360, na wastani wa mshahara wake katika ile miaka mitatu iliyo bora ni shilingi 900,000 kwa mwezi, yaani 10,800,000 kwa mwaka. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, miezi yake hugawanywa kwa 580, kisha huzidishwa kwa mshahara wa mwaka. Hupatikana kama 6,703,000, nayo ndiyo pensheni yake nzima ya mwaka. Tena sehemu yake hutolewa mara moja kwa mkupuo. Wenzetu waliokuwa katika mifuko ya PSPF na LAPF, kabla haijaunganishwa mwaka 2018, walizoea mkupuo wa nusu. Kanuni ya 2022 iliushusha hata 33 katika mia, na bajeti ya mwaka 2024 ikaupandisha kuwa 40. Karani wetu ni mmoja wao. Sehemu hiyo 40 huzidishwa kwa 12.5, naye hupewa kama shilingi 33,500,000 mkononi. Zile 60 zilizobaki ndizo atakazokula kila mwezi: shilingi 335,000. Aliyezoea 900,000, hata kama makato yalizipunguza, ataona tofauti tangu mwezi wa kwanza.

Wengi huutazama ule mkupuo na kusema: huo ndio utakaoziba pengo, nitafungua duka. Hatuwakatazi. Lakini mtu wa miaka 60 anayejifunza biashara kwa fedha yake ya mwisho anajifunza kwa ada kubwa mno. Sisi twasema aanze akiwa na miaka 55, kwa fedha kidogo ya mshahara, kazi ambayo baba yake aliijua.

Mbuni wa robusta uliotokana na kikonyo cha mti bora huanza kuzaa kidogo mwaka wa tatu, na mwaka wa tano huzaa vema. Hesabu hiyo yalingana na miaka yake iliyobaki kana kwamba imekatwa kwa kipimo. Akipanda miche 50 kila mwaka, kwa miaka minne, atakapoaga ofisi atakuwa na miti 200, nusu yake imekomaa na nusu yaja nyuma. Miti 200 kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 haifiki nusu eka kama ni kahawa peke yake. Ndani ya migomba huhitaji nafasi zaidi, maana mgomba wenye njaa hauna ukarimu.

Miche isitoke popote. Ugonjwa wa mnyauko wa kahawa uliingia mkoani kwetu mwaka 1997, na mibuni mingi ya wazee ilikauka. Kituo cha utafiti cha Maruku kina aina zinazouhimili, zilizopewa majina ya kwetu, kama Maruku 1 na Muleba 1. Kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: ua la robusta halijichavushi lenyewe, wala kwa chavua ya mti wa kikonyo kilekile. Anayepanda aina moja tu, akiona ndiyo iliyo bora, hupata maua meupe ya kupendeza na buni chache. Achukue aina mbili au tatu, azichanganye katika mistari.

Shimo liwe na sentimeta 60 kila upande, lichimbwe mwezi mmoja na zaidi kabla ya mvua, lijazwe udongo wa juu uliochanganywa na debe la samadi iliyooza. Hapa ndipo penye gharama. Udongo wetu wa Bukoba ni wa kichanga na umeoshwa na mvua nyingi. Vibanja vya babu zetu vilinona kwa samadi ya ng'ombe na nyasi za rweya, si kwa asili yake. Asiye na ng'ombe atanunua samadi, wala asidhani ataiepuka. Nyasi zitandazwe, lakini zisiguse shina. Mti ukianza kunyauka, majani yakawa manjano na kupukutika, kwangua gome karibu na ardhi: ukiona michirizi ya rangi ya bluu iliyokoza kama nyeusi, ndio mnyauko. Ng'oa na uchome papo hapo, wala panga lile lisiguse mti mwingine kabla halijapitishwa motoni.

Sasa mapato. Tukadirie kilo moja na nusu ya kahawa kavu ya maganda kwa kila mti, iwe ni kadirio la mtu mwoga. Miti 200 ikikomaa yote hutoa kilo 300. Bei hupanda na kushuka. Tuitie shilingi 3,000 kwa kilo, tupate 900,000. Toa 250,000 za wachumaji, nyasi na samadi, zabaki 650,000 kwa mwaka, ambazo ni kama 54,000 kwa mwezi. Hazizibi pengo, wala hatukusema zitaliziba. Ila fedha hii huja mara moja, baada ya mavuno yanayoanza kama Mei. Kwa hiyo yafaa kuwekewa mambo yanayokuja mara moja kwa mwaka, kama ada ya mjukuu au bati la paa, ili zile 335,000 zibaki kuwa za chumvi, sabuni na nauli.

Hatari kubwa kuliko mnyauko ni butura. Mstaafu aliyeishiwa fedha mwezi Desemba hufuatwa na mtu mwenye noti mkononi, naye huuza kahawa ikiwa bado ni maua, kwa bei iliyo chini mno ya ile ya mnada wa chama cha msingi. Mwaka ufuatao huingia akiwa hana kitu, hivyo huuza tena. Tumewaona wazee wenye vibanja vizuri wanaovitunza kwa faida ya wengine. Dawa yake ni fedha ya akiba isiyozidi ya miezi mitatu, iliyotengwa katika ule mkupuo kabla ya kununua kitu chochote, ikae benki kwa ajili ya miezi ile iliyo mbali na mavuno.

Kahawa ichumwe iliyoiva tu, ianikwe juu ya mkeka au turubai, si ardhini. Ikitikiswa na kulia ndani ya ganda, imekauka.

Anayetaka kuanza kwa mvua za vuli aagize miche mapema, kabla ya Agosti, maana huko vitaluni wanaokuja Oktoba huambiwa imekwisha.