Tofauti ya Bei Hulipwa na Nani?

Wahitimu wetu wa lugha wanaotafuta kazi za tafsiri hupewa ushauri mmoja: shusha bei upate mteja. Naupinga ushauri huo. Daima atakuwepo wa kushuka chini yako, kwa kuwa hana mhariri wa kumlipa wala hatarudi kusahihisha makosa. Huwezi kumshinda kwa bei pasipo kuwa kama yeye.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shirika linataka mwongozo wa maneno 6,000 kuhusu matumizi salama ya viuatilifu, utakaochapwa nakala 3,000 kwa shilingi 2,000 kila moja. Mwenzako anaomba shilingi 40 kwa neno, yaani 240,000. Wewe unaomba 200, yaani 1,200,000. Ukianza kulitetea pengo hilo la 960,000, umeshindwa. Mwoneshe mteja kijiko.

Matini ya Kiingereza hutenganisha kijiko cha chai, mililita 5, na kijiko cha chakula, mililita 15. Mfasiri anayekimbizana na idadi ya maneno huandika "kijiko" kote. Mkulima akichukua kikubwa badala ya kidogo, ametia dawa mara tatu ya kipimo katika bomba lake. Nakala zikichapwa upya, shilingi 6,000,000 nyingine zimekwenda, tusihesabu mazao yaliyoungua.

Kwa hiyo ombi lako lisianze na shahada zako, wala neno "ubora", ambalo kila mwombaji hulitumia. Lianze na aya ya vipimo uliyokwisha kuifasiri. Kisha taja siku, si "haraka". Mfasiri makini hufanya maneno kama 2,000 kwa siku. Basi rasimu itoke siku ya tatu, mhariri aisome siku ya nne, wasomaji waijaribu siku ya tano. Anayeahidi yote kesho anauza kazi ambayo hakuna aliyeirudia. Mwisho, ahidi tokeo linaloonekana: wakulima watano watausoma ukurasa wa vipimo na kupima maji badala ya dawa, bila kuelezwa. Mmoja akikosea, ukurasa unaandikwa upya bila malipo.

Njia hii ina mipaka yake. Mteja anayeuliza bei tu na kukataa kuona sampuli, mwachie mwenzako. Mwenye fedha kidogo kweli, mpunguzie kazi, si bei ya neno: mfasirie kurasa za vipimo peke yake.

Nanyi watumishi wa umma mnaoandaa zabuni, mkiyalaumu makosa ya wafasiri, yasomeni kwanza masharti yenu. Liwekeni jaribio la wasomaji kuwa sharti la lazima, ndipo mlinganishe bei za wanaolitimiza. Msipoliandika, zile shilingi 960,000 mnazojisifu kuziokoa atazilipa mkulima shambani, na risiti hamtaiona.